Aliniahidi kwa simu. Nikiandika, si nitamponza?

Shikamoo Shangazi,

Ninahama mwezi huu, na nyumba ninayokwenda haifikiwi na kampuni ya intaneti ninayoitumia sasa. Mkataba wangu ni wa miezi 24 na umebakiza miezi 4. Masharti yanasema anayeuvunja mapema hulipa ada ya miezi yote iliyobaki, nao hukata fedha wenyewe kwenye akaunti yangu ya benki.

Jumanne nilipiga simu huduma kwa wateja, nikapokelewa na dada mmoja mpole sana. Nilipomweleza, akasema: “Hiyo ada isikusumbue, nimeshaiombea iondolewe, itatoka.” Akasema huduma itakatwa tarehe 30, na ruta niirudishe ndani ya siku 14. Kisha akashusha sauti: “Kwa kawaida hatufanyi hivi, ila nimekuelewa.” Akanipa namba ya kesi, tukaagana vizuri.

Mume wangu ananihimiza niwaandikie barua pepe nieleze yote tuliyozungumza, ili yawe kwenye maandishi. Najua ana hoja, lakini nikifungua kompyuta mkono unakuwa mzito. Naona kama ninamchongea yule dada. Mkubwa wake akimuuliza kwa nini alitoa ahadi nje ya utaratibu, si nitakuwa nimemlipa mabaya kwa wema wake? Tena wahenga walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe: leo hakuna aliyenikatalia, kesho meneja anaisoma barua yangu na kusema haiwezekani. Halafu simu zenyewe hurekodiwa, waliniambia hivyo mwanzoni. Kama rekodi ipo, kuna haja gani ya kuandika?

Nikinyamaza naogopa bili. Nikiandika naogopa kukosa shukrani. Nifanyeje?

Ni mimi, Mwenye Deni la Shukrani

* * *

Marahaba mwanangu.

Umefanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: umenipa maneno ya yule dada kama alivyoyasema. Basi tuanzie hapo hapo. “Nimeshaiombea iondolewe, itatoka.” Yasome tena polepole. Ndani yake mna habari mbili. Ya kwanza ni kwamba ombi limepelekwa. Ya pili ni kwamba litakubaliwa. Ya kwanza ni jambo alilolifanya yeye. Ya pili yaelekea iko mikononi mwa mtu mwingine, na yeye alikuwa anakueleza anavyotarajia. Wewe ulipokata simu ulibaki na moja tu moyoni: ada imeondolewa.

Sisemi alikudanganya. Ndivyo kazi hiyo ilivyo. Mhudumu anayepokea simu kwa kawaida amewekewa kiwango cha fedha anachoweza kumsamehe mteja bila kumuuliza mtu. Kikizidi hapo, hujaza ombi kwenye mfumo, likaenda kwa msimamizi au idara ya malipo na kusubiri zamu yake. Likikubaliwa, ada hufutwa. Likikataliwa, mara nyingi hakuna anayempigia mteja kumwarifu, naye huja kuliona jibu kwenye bili. Ada ya miezi 4 si kidogo, kwa hiyo nisingeshangaa kama ombi lako limepita njia hiyo.

Ikiwa ni hivyo, hofu yako ya kumwamsha aliyelala ina sura nyingine. Huyo meneja unayemwogopa huenda ombi analo mezani tayari, na aliyempelekea ni yule dada mwenyewe. Mtu aliyeandika ombi kwenye mfumo wa kampuni, lenye namba ya kesi, hakutenda kwa kificho. Lakini pia inawezekana hakuna ombi lolote, na alichokuwa nacho ni nia njema na haraka ya kukutuliza. Mimi siwezi kujua ni lipi. Wewe pia bado hujui, na hicho ndicho ningependa ukitazame kabla ya kuamua: je, unalinda ahadi, au unalinda utulivu wa kutojua kama ahadi ipo?

Tuje kwenye rekodi, maana naona umeiegemea sana. Rekodi ni yao. Wao ndio wanaoamua wataitunza kwa muda gani, na ikishafutwa hairudi. Zaidi ya hapo, utakapopiga simu kulalamikia bili, atakayepokea hatakuwa na rekodi mbele yake. Atakuwa na maelezo mafupi ambayo yule dada aliyachapa baada ya simu yako, huku simu nyingine ikimsubiri. Yanaweza kusomeka hivi: “Mteja anahama, ameelezwa kuhusu ada ya kuvunja mkataba.” Kila neno hapo ni kweli, na ahadi yako haimo. Katika nchi zenye sheria ya kulinda taarifa binafsi unaweza kudai nakala ya rekodi ya sauti yako. Kwa mfano, chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018, kampuni hupewa kwa kawaida mwezi mmoja kujibu dai la namna hiyo. Mwezi mmoja unatosha kabisa kwa fedha kuwa zimeshakatwa benki.

Kuna jambo jingine, na hili naomba ukalitafute kwenye mkataba wako leo. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema mabadiliko yoyote hayatakuwa na nguvu mpaka yawe kwa maandishi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya namna hiyo, kati ya kampuni mbili, Rock Advertising na MWB. Mpangaji wa ofisi aliyekuwa nyuma kwa kodi alikubaliana kwa simu na mfanyakazi wa upande wa pili kuhusu mpango mpya wa malipo. Jaji wa kwanza aliamini kwamba makubaliano yale ya mdomo yalifanyika kweli. Bado mpangaji alishindwa mwishoni, kwa sababu mkataba ulidai mabadiliko yaandikwe na kutiwa saini. Sheria ya mahali ulipo inaweza kuwa tofauti, na nyingine humlinda zaidi mteja wa kawaida. Lakini inakuonyesha kwamba mtu anaweza kuaminiwa kuwa aliahidiwa, na ahadi hiyo isimfae.

Hapo ndipo mume wako naye ana kitu cha kukiongeza kwenye hoja yake. Barua pepe yako peke yake haitayageuza maneno ya dada kuwa mkataba. Ni ushahidi wa ulichoambiwa, ulioandikwa ukiwa bado unakumbuka, na kupelekwa kwa upande wa pili wakiwa na nafasi ya kukukosoa. Hiyo ina uzito. Ila kunyamaza kwao si kukubali. Unachokihitaji hasa ni sentensi moja kutoka kwao inayosema ada haitakatwa. Kwa hiyo barua iandikwe kwa namna ya kuita jibu. Muhtasari usioomba chochote utaishia kuhifadhiwa tu.

Sasa tuzitazame njia zako. Ya kukaa kimya na kusubiri bili si ya kijinga, usijiite hivyo. Ombi linaweza kupita, nawe ukawa hukumsumbua mtu. Gharama yake ni wakati. Ukiambiwa leo kwamba haiwezekani, huduma bado haijakatwa na bado unaweza kugeuka: kuomba mkataba uhamishiwe kwa anayeingia kwenye nyumba unayoihama, ikiwa kampuni inaruhusu, au kuukagua mkataba kama una kifungu cha mteja anayehamia mahali wasipofika. Kikiwepo kifungu hicho, basi hukufanyiwa hisani, ulipewa haki yako, na deni la shukrani linalokulemea linapungua. Ukiyajua hayo baada ya tarehe 30, mkataba umeshavunjika, fedha zimeshatoka, na unaanza kudai zirudi.

Njia ya pili ni kupiga simu tena na kumwomba mhudumu yeyote akusomee kilichoandikwa kwenye kesi yako. Naipenda njia hii kwa sababu ni laini na inakupa jibu papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba utabaki tena na maneno ya simu. Lakini unaweza kumwomba huyo wa pili akutumie uthibitisho kwa barua pepe mkiwa bado mnazungumza, usikate simu mpaka umeuona umeingia. Wengine watakubali, wengine watasema mfumo hauwaruhusu.

Ya tatu ni kuandika, na hapa ndipo penye kile kinachokuuma. Swali lako ni kama unaweza kuandika bila kumchongea. Nadhani unaweza, kwa kuchagua nini kiingie kwenye barua na nini kisiingie. Kesi ina namba. Namba hiyo pamoja na tarehe na saa vinatosha kwa kampuni kujua nani alizungumza nawe, kwa hiyo sidai kwamba utamficha. Lakini si lazima umtaje jina. Na ile kauli ya “kwa kawaida hatufanyi hivi” iache kabisa. Haikuahidi chochote, wala haikupi haki yoyote. Kazi pekee inayoweza kuifanya ndani ya barua ni kumweka yeye mashakani. Kuiacha si uongo, kwa sababu barua inakusanya yaliyoamuliwa na yanayosubiriwa tu, haikudai kila neno.

Nimekuandikia mfano ili uone ninavyoifikiria. Tarehe, saa na urefu wa simu nimeviweka kwa mfano tu, weka vya kweli; mengine badilisha upendavyo.

Mada: Kesi namba [iandike hapa]: kuthibitisha mazungumzo ya simu ya tarehe 10

Habari,

Asanteni kwa msaada nilioupata kwa simu Jumanne tarehe 10, saa 15:20. Tulizungumza kwa takriban dakika 18. Naandika ili kuhakikisha nimeelewa sawasawa.

Nilieleza kwamba ninahamia mahali ambapo huduma yenu haifiki. Niliambiwa kwamba huduma itasitishwa tarehe 30 mwezi huu, na kwamba ruta irudishwe ndani ya siku 14. Kuhusu ada ya kuvunja mkataba mapema, ambayo ni ya miezi 4, niliambiwa kwamba ombi la kuiondoa limeshawasilishwa na kwamba itaondolewa.

Naomba mnijibu mambo matatu. Je, ombi hilo limeidhinishwa? Je, ada hiyo haitakatwa kwenye akaunti yangu ya benki? Na siku 14 za kurudisha ruta zinahesabiwa kuanzia lini?

Ikiwa kuna nililolielewa vibaya, naomba mnisahihishe kabla ya tarehe 20, ili niweze kuamua kuhusu huduma kabla haijasitishwa. Kwa kuwa simu ilirekodiwa, naomba rekodi itunzwe hadi jambo hili limalizike.

Nawashukuru.

Umeona swali la ruta? Ulipoandika kwangu “ndani ya siku 14” hukusema kuanzia lini, na nadhani ni kwa sababu hukuambiwa. Ikiwa wao wanahesabu tangu siku ya simu, unatakiwa uirudishe kabla hata huduma haijakatwa. Mambo kama haya hayaonekani wakati mnazungumza. Huonekana mtu anapojaribu kuyaweka kwenye sentensi.

Uone pia kwamba sehemu ya ada imeandikwa kwa vipande viwili, ombi kuwasilishwa na ada kuondolewa, kama ulivyoambiwa. Kishawishi ni kuandika “mlikubali kuondoa ada”. Usifanye hivyo. Rekodi ikisikilizwa na ikaonekana umeongeza chumvi mahali pamoja, hata yale ya kweli yatatiliwa shaka. Alilosema litatoka liandike hivyo hivyo, na kama kuna alilosema atajaribu, liandike kuwa atajaribu, hata kama sauti yake ilikupa matumaini zaidi ya hapo.

Saa nimeiandika 15:20 kwa makusudi, kwa namna ambayo simu yako huionyesha kwenye orodha ya simu zilizopigwa, badala ya saa tisa na dakika ishirini. Atakayeitafuta simu hiyo kwenye mfumo ataikuta kwa namna hiyo. Wakati na urefu wa simu usiukumbuke kichwani. Fungua orodha hiyo, chukua picha ya skrini, kisha nakili. Namba za kadi na nywila zisiingie kwenye barua hata kidogo.

Barua iende wapi? Ikiwa ulipata ujumbe wa barua pepe wenye namba ya kesi, jibu ujumbe huo huo, ili maneno yako yaingie kwenye kesi ile ile na yasifunguliwe kesi mpya. Tazama kwanza anwani: ikianza na noreply, hakuna atakayesoma, hata kama barua itaonekana kwako kuwa imekwenda. Hapo tafuta anwani ya malalamiko au ya huduma kwa wateja kwenye mkataba au kwenye bili. Tumia anwani yako iliyosajiliwa kwenye akaunti, la sivyo watakujibu kwamba hawawezi kujadili akaunti na mtu wasiyemtambua. Kama wana fomu ya tovuti tu, ipige picha ikiwa imejazwa kabla ya kubonyeza kutuma, kwa sababu fomu nyingi hazikuachii nakala. Lile jibu la mashine linalosema “tumepokea ujumbe wako” usilifute. Halijibu swali lolote, lakini linaonyesha barua ilifika na siku iliyofika.

Ukiandika, majibu yanaweza kuja kwa namna kadhaa. Wakithibitisha, hifadhi jibu nje ya kisanduku cha barua pepe pia, na bili ya mwisho uilinganishe nalo. Wakijibu kwa maneno ya jumla, kwamba wanathamini maoni yako na suala linashughulikiwa, jibu kwa upole ukiuliza lile swali moja tu la ada. Wakisema hawaoni ombi lolote, usikasirike na wala usimtaje dada hata hapo. Waombe waisikilize rekodi ya tarehe na saa ulizowapa, na uwaulize kama ombi linaweza kuwasilishwa sasa. Hilo ndilo jibu unaloliogopa kuliko yote, nami sitakuficha kwamba linaweza kuja. Likija, litakukuta bado una siku za kufanya jambo. Na wasipojibu kabisa hadi tarehe 20, piga simu ukiwa na tarehe ya barua mkononi, uombe aliye mbele yako aisome.

Kuna jambo moja la kuepuka kwa njia yoyote utakayochagua: usizuie makato ya benki kwa hofu kabla hujajua msimamo wao. Bili ya mwezi wa kawaida bado unadaiwa, na isipolipwa unaweza kuhesabiwa mdaiwa kwa jambo ambalo halina ubishi, halafu ubishi wako wa haki ukachanganywa nalo.

Kuhusu shukrani, mwanangu, naielewa. Mtu aliyekusikiliza vizuri siku ya mahangaiko ya kuhama hasahauliki. Unaweza kuianza barua kwa kusema ulihudumiwa kwa heshima na uvumilivu. Ikiwa ombi lake lilikuwa la utaratibu, sifa hiyo itakaa kwenye kesi pamoja na mengine, na inaweza kumfaa. Ikiwa unaona moyo wako bado unakataa, anza na ile simu ya pili ya kusomewa kilichoandikwa, uone kinachotoka, kisha uamue kuhusu barua ukiwa na habari zaidi ya ulizo nazo leo. Usichelewe tu sana, maana kumbukumbu ya maneno yenyewe hupungua upesi. Hata kama hutatuma chochote wiki hii, yaandike usiku huu kwenye daftari yote aliyokuambia, pamoja na jina lake kama alilitaja. Daftari halimchongei mtu, na siku utakayolihitaji utakuwa na maneno yake, si ya kukisia.